Pochi ya Benki Kuu na tili yako: nani analipa mtandao ukikatika

"Assalaam aleikum, kaka. Nina duka la leso na madira hapa Mtaa wa Biashara, Mombasa. Wateja wangu wengi hulipa kwa tili. Wiki iliyopita mtandao ulikwama tangu alasiri hadi magharibi, na wateja waliokwisha kuchagua leso zao wakaziacha juu ya meza wakaenda zao. Kijana wangu aniambia Benki Kuu ikitoa pesa yake ya kidijitali mambo haya yatakwisha: yafanya kazi bila mtandao, haina makato, na pesa yaingia papo hapo. Je, ni kweli? Pochi hiyo itanifaa dukani kuliko pesa za simu?"

Waaleikum salaam, dada. Kati ya mambo matatu aliyokwambia kijana wako, la kufanya kazi bila mtandao ndilo linaloweza kubadilisha duka lako, nalo lina masharti ambayo watu huyaruka wanapolisimulia. Nitakaa hapo zaidi. Mengine mawili nitayagusa, lakini lazima tuanze na kinachotokea mezani kwako leo, maana bila hicho hutaona tofauti iko wapi.

Tuseme mteja amechukua jozi ya leso ya shilingi 1,200. Anaingiza namba ya tili yako, kiasi, na namba yake ya siri. Hapo hakuna pesa inayotoka kwenye simu yake kuja kwenye yako. Kinachosafiri ni ombi. Linakwenda hadi kwenye seva za kampuni ya simu, ambako kuna daftari moja la hesabu za wateja wote. Daftari linapunguza 1,200 kwake na kuongeza 1,200 kwako, kisha linawatumia nyote wawili habari kwa esemesi. Shilingi zenyewe hazijasogea hata kidogo: zimelala kwenye akaunti za amana katika mabenki ya kawaida, zikisimama badala ya kila shilingi iliyoandikwa kwenye daftari lile.

Kwa hiyo esemesi ni habari ya malipo, na habari inaweza kuchelewa au kughushiwa. Ndiyo maana mwenye duka mwangalifu hasomi ujumbe kwenye simu ya mteja. Anangoja wa kwake, na akiwa na shaka anauliza salio la tili. Mtandao ukikwama, malipo huweza kukwama katika sehemu moja kati ya mbili. Huenda ombi halikufika kwenye daftari, na mteja bado ana pesa yake. Au ombi lilifika, daftari likaandikwa, ila habari haikurudi. Mteja amekatwa na wewe hujui. Ugomvi mwingi wa dukani unatoka kwenye hiyo sehemu ya pili.

Sasa weka pochi ya benki kuu mahali pa tili. Kwenye mipango mingi iliyojaribiwa duniani, benki kuu hutoa pesa yenyewe, lakini pochi hupewa watu kupitia mabenki na kampuni za malipo. Mteja akilipa kwa njia ya kawaida ya mtandaoni, anaskani msimbo wa QR au anaingiza namba yako, ombi linasafiri hadi kwenye daftari, na wewe unapata habari. Mwenye daftari amebadilika, na hilo lina maana kisheria: ulichonacho sasa ni deni la Benki Kuu kwako, kama noti ilivyo, si dai juu ya amana ya kampuni. Lakini safari ya ombi ni ile ile. Mnara wa simu ukizima, njia zote mbili zimezima.

Wala jina la benki kuu si kinga ya kuharibika. Nchi za visiwa vya Karibi ya Mashariki zilianzisha pesa yao ya kidijitali ya benki kuu, DCash, mwaka 2021. Januari 2022 mfumo huo ukasimama kwa karibu miezi miwili, na chanzo kilikuwa cheti cha kidijitali cha mfumo kilichopita muda wake. Kwa miezi hiyo, dukani, pochi ya benki kuu haikununua hata mkate.

Kuhusu pesa kuingia papo hapo, kijana wako amesema kweli, lakini tili yako nayo huingiza papo hapo. Tofauti iko nyuma ya pazia. Mteja wa mtandao mmoja akilipa tili ya mtandao mwingine, wewe unaona pesa mara moja, kisha kampuni mbili hizo zinamalizana zenyewe baadaye. Kwa pesa ya benki kuu hakuna cha kumalizana, kwa sababu kilichohama ni malipo ya mwisho yenyewe. Hilo lingekuwa faida kubwa kwako iwapo mteja wa mtandao mwingine hangeweza kukulipa kabisa. Lakini Kenya ilifungua malipo ya tili kati ya mitandao mwaka 2022, na mwaka 2023 Benki Kuu ikatoa muundo mmoja wa msimbo wa QR kwa nchi nzima. Mlango ambao pochi mpya ingeufungua, umeanza kufunguliwa kwa ufunguo mwingine.

Tuje kwenye kufanya kazi bila mtandao.

Noti ya shilingi 1,000 haihitaji mtandao kwa sababu haiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili kwa wakati mmoja. Kitu cha kidijitali kinaweza kunakiliwa. Mteja akikulipa 1,200 bila mtandao, ni nini kitakachomzuia kutoka nje na kumlipa jirani yako kwa 1,200 hizo hizo? Daftari halipo la kuulizwa. Jibu linalotegemewa zaidi mpaka leo ni kuweka daftari dogo ndani ya chipu yenye ulinzi, iwe ndani ya simu au kwenye kadi, na kuitegemea chipu hiyo ikatae kudanganya hata mwenye simu akitaka.

Hatua zake ni hizi. Mteja akiwa bado na mtandao, anahamisha kiasi, tuseme 3,000, kutoka kwenye pochi yake ya mtandaoni hadi kwenye chipu. Daftari kuu linaandika kwamba 3,000 zimetoka. Akifika kwako mtandao umekufa. Unaandika 1,200 kwenye kifaa chako, yeye anakigusisha na simu au kadi yake. Chipu mbili zinatambuana kwanza, kila moja ikithibitisha kwamba mwenzake imetolewa na mfumo halali. Chipu yake inajipunguzia 1,200 na kutia saini ya kidijitali. Yako inaikagua saini hiyo na kujiongezea 1,200. Hakuna mtu wa tatu aliyejua. Yeye amebaki na 1,800, na wewe umeuza leso katikati ya mtandao uliokatika. Ghana imejaribu malipo ya namna hii kwa kadi katika mpango wake wa eCedi, na China ina kadi na pochi za simu za e-CNY, pesa ya kidijitali ya benki kuu yake, zinazolipa kwa kugusisha.

Hapo ndipo uulize swali moja ambalo wauzaji wa mifumo hawapendi kulijibu kwa haraka: hizo 1,200 nilizopokea, naweza kumlipa mtu mwingine kabla mtandao haujarudi? Mwaka 2023 Benki ya Malipo ya Kimataifa, BIS, ilitoa mwongozo wa malipo ya nje ya mtandao kupitia mradi wake uitwao Polaris, na ndani yake aina hizi zimetenganishwa. Kwenye aina kamili, pesa ni yako pale pale na unaweza kuitumia, mkono kwa mkono kama noti. Kwenye aina nyingine, mteja amelipa lakini kwako ni ahadi iliyotiwa saini. Huwezi kuitumia mpaka mmoja wenu apate mtandao na daftari likubali. Zote mbili hutangazwa kwa maneno yale yale, "inalipa bila mtandao", na kwa mwenye duka ni vitu tofauti kabisa.

Nimefanya kazi ya mifumo ya malipo madukani hapa pwani kwa miaka mingi, na jambo la ahadi nimeliona kwa macho yangu. Duka moja lilikuwa na mashine ya kadi ya benki iliyokubali kadi mtandao ukiwa umekatika, ikihifadhi malipo ndani yake ili iyatume baadaye. Jioni moja mashine ilianguka kutoka mezani, kioo kikapasuka, na haikuwaka tena. Bidhaa zilikuwa zimeshaondoka. Malipo ya mchana mzima yalikuwa mle ndani na hayakutumwa kamwe. Mwenye duka alikuwa na vipande vya risiti mkononi, na hasara ilikuwa yake. Tangu siku hiyo, nikiambiwa kifaa kinapokea bila mtandao, nauliza kwanza kikivunjika nani analipa.

Kuna hatari nyingine, nayo ndiyo inayoleta viwango vya juu vya kiasi. Anayefanikiwa kuivunja chipu moja anaweza kutengeneza pesa bandia, na hakuna atakayeona mpaka vifaa virudi mtandaoni. Kwa hiyo kila mfumo wa namna hii hubana: kiasi gani kwa malipo mamoja, kiasi gani chipu ibebe, na mara ngapi ilipe kabla ya kulazimika kwenda mtandaoni kukaguliwa. Watu huvijadili viwango hivi kama vile ni vya mteja, lakini kinachobanwa zaidi ni duka.

Fanya hesabu na mimi. Chukulia kwamba chipu ya duka lako imewekewa kiwango cha 20,000. Nambari hii ni ya mfano tu, maana Kenya haijaweka yoyote. Ni siku mbili kabla ya Idi na mtandao umekatika saa tisa. Unauza jozi za leso kwa 1,200. Jozi ya 16 inakufikisha 19,200. Anakuja mteja wa 17 na 1,200 zake halali, anagusisha, na kifaa kinakataa, kwa sababu ungefika 20,400. Yeye pesa anayo. Chipu yako ndiyo imejaa. Sasa una njia mbili: ungoje mtandao umimine salio lako, au umlipe mtu kutoka kwenye chipu hiyo hiyo, kama mfumo ni wa aina kamili niliyoitaja. Tili yako ya leo haina tatizo hili mtandao ukiwepo; tangu mwaka 2023 akaunti ya M-Pesa ya mtu wa kawaida peke yake inaruhusiwa kubeba hadi shilingi 500,000. Pochi ya chipu ni kikoba cha mchana mmoja. Ukiitegemea siku za msimu, itajaa kabla ya magharibi.

Kuna na jambo la kugusisha lenyewe, dogo kwa kusikia lakini litakusumbua kila wiki. Mteja ana haraka, anagusisha na kuondoa kadi kabla chipu mbili hazijamaliza mazungumzo. Ya kwake imeshajipunguzia 1,200, yako haijajiongezea. Mfumo uliotengenezwa vizuri hukumbuka kwamba malipo haya yalikatika katikati, na mkigusisha tena vifaa vile vile viwili unamalizia pale ulipoachia bila kukata mara mbili. Uliotengenezwa vibaya unaanza upya, na mteja anakatwa 2,400. Dalili utaiona siku ya kwanza ya majaribio: mwombe anayekuonyesha kifaa aondoe kadi makusudi katikati ya malipo, kisha aigusishe tena, na mwangalie salio la pande zote mbili. Hakuna jaribio lingine litakalokufunza mengi hivyo kwa dakika moja. Na ikikutokea dukani, mwite mteja arudi haraka, kabla hajafika mlangoni, kwa sababu ugonjwa huu unatibika tu vifaa vile vile vikikutana tena.

Halafu fikiria kivuko cha Likoni. Mfanyakazi wako amepokea malipo ya mchana, kifaa kiko mfukoni, kinaponyoka na kuingia majini. Pesa za tili hazijapotea. Unachukua laini mpya na daftari liko vile vile. Pesa zilizokuwa ndani ya chipu na hazijapelekwa mtandaoni zimekwenda na maji, kama noti zingekwenda. Mfumo unaweza kutengenezwa urudishe kilichopotea, lakini hapo lazima uwe unaweka kumbukumbu ya kila malipo mahali pengine, na usiri ule wa noti ambao wengine wanautaka unapungua. Kimoja kinanunuliwa kwa kingine, na wanaotengeneza mfumo ndio wanaochagua, si wewe.

Na wateja wako watagusisha na nini? Wengi wana mulika mwizi, na hata simu janja nyingi za bei nafuu hazina NFC, ile sehemu ya kugusishia. Kwao itabidi kadi, na kadi lazima inunuliwe, igawiwe, na ijazwe pesa kabla ya mtandao kukatika. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Anayesubiri mpaka mtandao ufe ndipo akumbuke kujaza kadi, amechelewa.

Makato nayaeleza kwa ufupi. Mteja anayelipa tili ya kununua bidhaa hakatwi; unakatwa wewe, karibu asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Kwa leso ya 1,200 ni shilingi 6.60, na kwa wateja 17 wa mfano wetu ni 112.20. Benki kuu inaweza kutoa pesa yake bure, lakini aliyekupa pochi, anayekupokelea simu ukikwama na aliyekuuzia kifaa wote wanataka kula. Kwenye pendekezo la sheria ya yuro ya kidijitali la mwaka 2023, matumizi ya msingi ya mtu binafsi ni bure, na duka linalipa ada iliyowekewa kikomo. Natarajia popote itakapofika itafanana na hivyo. Kwa hiyo usipige mahesabu ya bure. Linganisha ada na ile 6.60, na ujumlishe bei ya kifaa.

Ongeza upande wa pili wa mizani jambo ambalo kijana wako hakulitaja. Baadhi ya wateja wako tarehe 24 ya mwezi hawana 1,200. Wanalipa kwa Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa ulioanza mwaka 2019. Pesa ya benki kuu ni kama noti: huwezi kutoa ambayo huna. Benki inaweza kuunganisha mkopo na pochi, lakini pochi yenyewe haikopeshi, na mauzo hayo utayakosa. Nigeria ilizindua eNaira Oktoba 2021, na utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba katika wiki yoyote ile, asilimia 98.5 ya pochi hazikutumika. Pochi zilikuwepo simuni. Kilichokosekana ni sababu ya mtu kuifungua akiwa mbele ya meza ya duka, wakati njia aliyoizoea iko mkononi.

Kwa hiyo jibu langu kwako: kama Kenya ingetoa pochi hii, ningekushauri uipokee kama kikoba cha pili cha siku za mtandao kukatika, ikiwa ni ya aina kamili na ikiwa mwenye ghala anayekuuzia mzigo anaipokea pia. Mwenye ghala ni muhimu kuliko mteja. Kama 19,200 zako haziwezi kwenda kwake moja kwa moja, utazihamisha benki kwanza, na pale utarudi kwenye mtandao ule ule unaoukimbia. Badala ya tili, la.

Nayo haiko karibu. Benki Kuu ya Kenya ilitoa karatasi ya majadiliano Februari 2022 kuomba maoni ya wananchi, na Juni 2023 ikasema kwamba kuanzisha pesa hiyo si kipaumbele cha lazima kwa muda mfupi na wa kati. Kwa hiyo mtu akija dukani kukusajilia "pochi ya Benki Kuu" na kukuomba ada au namba ya siri, usimpe hata moja, na usimpe kitambulisho chako.

Mpaka hapo, jioni kama ile ya wiki iliyopita unaweza kuiokoa kwa kujua kwanza ni nini kilichokatika. App ikigoma jaribu *334#. Ikikubali, tatizo ni bando au intaneti ya simu, na mteja atalipa kwa njia hiyo. Ikigoma nayo, piga simu ya kawaida kwa mtu. Simu ikipita, mnara ni mzima na kilichokwama huenda ni seva za malipo, kwa hiyo kubadilisha simu ya mtandao huo huo ni kupoteza wakati. Weka tili ya pili ya mtandao mwingine au QR ya benki yako, ibandike ukutani pale pale panapoonekana na mteja mwenye leso mkononi. Ikikubali upande mmoja na kukwama mwingine, usiachie mzigo kwa ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu yake. Mwandikie jina na kiasi kwenye daftari la karatasi, umwekee leso zake nyuma ya kaunta zikiwa zimefungwa, aje azichukue ukishaona pesa yake kwenye salio la tili. Wengi wao watarudi kesho yake asubuhi.